Kalendari ya kuhesabu siku hadi Noeli: namna ya kuitengeneza nyumbani kwa kaye moja

Mwezi wa Novemba ukielekea mwisho, katika parsele nyingi za Uvira, kutoka Kavimvira hadi Kalundu, swali la watoto linakuwa moja: "Mama, Noeli iko bado siku ngapi?" Mtoto wa miaka minne hajui wiki tatu ni kitu gani. Ukimjibu "bado kidogo", kesho asubuhi anauliza tena.

Kalendari ya kuhesabu siku inajibu swali hilo kwa kitu ambacho mtoto anaona na kugusa. Ni bahasha 24 zilizotundikwa kwenye kamba. Kuanzia tarehe 1 Desemba, kila siku inafunguliwa bahasha moja. Ndani yake kuna zawadi ndogo, ao kikaratasi chenye kueleza mchezo ao kazi ya siku ile. Bahasha zikiisha, Noeli imefika.

Maelezo haya yanafuata mfano wa nyumba moja yenye watoto watatu na pesa kidogo. Yanaonyesha namna ya kutengeneza, kitu gani cha kuweka ndani, na mambo yenye kuiharibu kalendari mbele ya kufika tarehe 24.

Ilitoka wapi

Desturi hii ilianzia kwa Wakristo wa Ujerumani katika karne ya 19. Mwaka 1839, katika mji wa Hamburg, Johann Hinrich Wichern, aliyeongoza nyumba ya kulea watoto maskini, alichukua gurudumu la mkokoteni akapanga mishumaa juu yake: midogo kwa siku za wiki, mikubwa kwa siku za Jumapili. Kila siku mshumaa mmoja uliongezwa kuwashwa, na watoto wakaona wenyewe kwamba Noeli inakaribia. Katika nyumba zingine wazazi walichora mistari 24 ya shoki kwenye mlango, na watoto walifuta mstari mmoja kila siku.

Kalendari za kuchapishwa zilikuja mwanzoni mwa karne ya 20, kupitia Gerhard Lang wa mji wa Munich. Alipokuwa mtoto, mama yake alikuwa anamfungia vibiskuti 24 kwenye kartoni, ale kimoja kwa siku. Zile za shokola zenye kuuzwa ku magazini zilifuata nyuma.

Kwa hiyo kalendari ya kwanza ilikuwa ya nyumbani. Hata leo, mzazi asiye na kitu chochote anaweza kuchora mistari 24 ya shoki kwenye mlango, na hiyo nayo ni kalendari kamili. Bahasha zinaongeza tu jambo la kufanya kila siku.

Kaye moja inatosha

Kaye ya kurasa 48 ina karatasi 24, maana kila karatasi ina kurasa mbili. Njo maana kaye moja inatoa bahasha zote bila kubakisha wala kupungukiwa. Hata kaye ya mwaka uliopita inafaa, ikiwa karatasi zake bado ngumu: upande wenye maandishi mengi unageuzwa ndani.

Vingine vyenye kuhitajika ni kamba ya metre 5 (ile ya nailoni ya kushonea nyavu, yenye kupatikana karibu na ziwa, ni nyepesi na haikatiki), sindano na uzi, biki ao makeri, na gundi. Mwenye hana kole ya duka anaweza kuipika: vijiko viwili vya supu vya unga wa muhogo uliochekechwa vizuri, ndani ya glasi moja ya maji ya baridi. Koroga mpaka mabonge yaishe, kisha weka kwenye moto mdogo na kuendelea kukoroga mpaka iwe nzito na kung'aa kama uji. Iache ipoe.

Gundi hiyo inafaa siku mbili hivi, nyuma yake inachacha. Tena ni chakula, kwa hiyo sisimizi na mende wanaipenda. Ipakwe kidogo sana, kwa ncha ya kidole, na bahasha zikauke siku nzima kivulini mbele ya kutundikwa. Ikipakwa nyingi, karatasi inalowa, inakunjamana, na kisha inaota ukungu, zaidi sana katika mvua za Desemba.

Namna ya kukunja

Karatasi ya kaye ya kawaida ina upana wa karibu sentimita 17 na urefu wa karibu 22. Ilaze mbele yako ikiwa imesimama.

1. Kunja sentimita 2 ndani upande wa kushoto, na sentimita 2 upande wa kuume. Sasa upana umebaki 13.
2. Shika chini, kunja kuelekea juu sentimita 9. Hapo mfuko umepatikana, na juu yake kunabaki sentimita 4 za kifuniko.
3. Paka gundi kidogo kwenye kingo mbili za pembeni tu, bandika, finya. Usipake katikati, sivyo mfuko utafungika wote.
4. Ikisha kukauka, kunja kifuniko kuelekea mbele. Pitisha uzi ndani ya kifuniko na mfuko kwa sindano, kisha funga fundo jepesi lenye mtoto anaweza kuvuta.

Usitumie pini wala agrafe kama kuna mtoto mdogo nyumbani, maana kitaanguka chini na kuishia mdomoni.

Kata kamba katika vipande viwili vya metre 2 na nusu. Kila kimoja kinabeba bahasha 12 kwa nafasi ya sentimita 15 kila moja, ni kusema metre 1 na sentimita 80, na pembeni kunabaki sehemu ya kufungia misumari. Tundika ndani ya nyumba, kwenye ukuta usiolowa, mbali na mbabula na mbali na pahali panapowekwa mshumaa umeme ukikatika. Karatasi 24 kavu zikishika moto, nyumba nzima iko hatarini.

Namba mbili kwenye kila bahasha

Watu wengi wanaandika tarehe peke yake: 1, 2, 3 hadi 24. Lakini mtoto anauliza siku zilizobaki. Andika basi namba mbili: tarehe kwa herufi kubwa, na chini yake usiku ngapi zimebaki. Tarehe 1 zinabaki 24, tarehe 2 zinabaki 23, tarehe 10 zinabaki 15, tarehe 24 unabaki usiku 1.

Namba hizo mbili zikijumlishwa zinatoa 25 kila mara. Kama bahasha fulani haitoi 25, umekosea kuandika. Mtoto wa mwaka wa pili ao wa tatu wa primeri anaweza kupewa kazi ya kukagua bahasha zote 24, na hiyo ni hesabu tosha ya jioni moja.

Nani afungue, na siku gani

Nyumba yenye watoto watatu haihitaji kalendari tatu. Iwe moja, na wafungue kwa zamu. 24 ikigawanywa kwa 3 inatoa 8, kwa hiyo kila mtoto anafungua mara nane. Mkubwa anafungua tarehe 1, 4, 7, 10, 13, 16, 19 na 22. Wa katikati anafungua 2, 5, 8, 11, 14, 17, 20 na 23. Mdogo anafungua 3, 6, 9, 12, 15, 18, 21 na 24.

Yeye anayefungua ndiye anayesoma ao kusomewa kwanza, lakini kilicho ndani ni cha wote. Kama ni bomboni, ziwe tatu. Siku moja tu ya bomboni moja kwa watoto watatu inatosha kuleta vita nyumbani mpaka Noeli.

Sasa pesa. Katika mfano huu siku sita tu zina kitu cha kununua ao cha kula, na siku 18 zina kikaratasi. Siku hizo sita ni tarehe 4, 8, 12, 16, 20 na 24. Zikipangwa kila siku ya nne, kila mtoto anafungua mbili: mkubwa 4 na 16, wa katikati 8 na 20, mdogo 12 na 24. Lakini ungezipanga kila siku ya tatu (3, 6, 9 na kuendelea), zote zingemwangukia mdogo peke yake, na wakubwa wataona mapema kuliko mzazi.

Kwa watoto wawili mpango huo hauendi, maana 4, 8 na 12 zote zinamwangukia mtoto mmoja. Hapo tumia 1, 5, 10, 15, 20 na 24: mmoja anapata 1, 5 na 15, mwingine 10, 20 na 24.

Kwa zile siku sita, nyumba ya mfano inaweza kupanga hivi: tarehe 4 karanga za kukaangwa nyumbani, tarehe 8 punje za maharagwe za kupanda, tarehe 12 biki moja kwa kila mtoto, tarehe 16 bomboni, tarehe 20 biskuti, tarehe 24 mandazi yenye watoto wenyewe wamesaidia kukanda. Vitu vya kununua ni biki tatu, bomboni na biskuti. Vingine vinatoka jikoni. Kwa kuwa bei zinapanda na kushuka pamoja na dola, biki zinunuliwe mwezi wa Novemba, na vya kula vinunuliwe katika wiki yake.

Karanga nzima na bomboni ngumu hazifai kwa watoto chini ya miaka mitano, maana zinaweza kuziba koo. Karanga zisagwe, na bomboni ibadilishwe kwa ndizi.

Vikaratasi 18

Kikaratasi kizuri kina kazi moja, yenye kuisha kwa saa moja, na yenye kutegemea watu walio nyumbani tu. "Kuwa mtoto mzuri leo" si kazi, mtoto hajui amalize saa ngapi. "Chora lango la nyumba yetu" ni kazi.

Siku za kwanza ziwe nyepesi: kuchora nyumba, kutafuta majani ya aina tano tofauti, kujifunza kitendawili kimoja na kukiuliza kwa jirani. Katikati ya mwezi ziko kazi za siku mbili: tarehe 9 kukusanya mikebe ya sardini na vifuniko vya chupa, tarehe 10 kutengeneza motokari, ao tarehe 13 kukusanya mifuko na kamba, tarehe 14 kufunga mpira. Siku zingine ziwe za watu: kumwuliza koko Uvira ilikuwa namna gani alipokuwa mtoto, kumwandikia mwalimu mistari mitatu ya kumshukuru, kumpelekea jirani mgonjwa maji ya kunywa.

Yale maharagwe ya tarehe 8 yanaunganisha siku. Yapandwe matatu katika kila mkebe uliotobolewa chini, maana si kila punje inaota. Kwa joto la Uvira, ndani ya wiki moja hivi yanatokeza juu. Tarehe 17 kikaratasi kinasema "pima mmea wako", na tarehe 23 tena. Kama hakuna kilichoota, fukua kidogo: punje iliyolainika na kunuka ilipewa maji mengi. Punje iliyobaki ngumu na kavu ilikosa maji.

Ziwa nalo linaingia, lakini kwa uangalifu. Kuhesabu usiku taa za wavuvi wa ndagala, ukiwa kwenye baraza, ni kazi yenye watoto wanapenda. Shida ni kwamba mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, na wavuvi wengi wanapumzika. Angalia mwezi kwanza: kazi hiyo iwekwe kwenye siku za giza. Tena usiandike kamwe "twende tukaoge ziwani". Mamba na viboko wako kwenye mwambao huu, na kipindupindu kinarudi Uvira mara kwa mara. Kikaratasi kinachosema "ziwa" mtoto atakifuata hata kama mzazi hayuko.

Mambo yenye kuharibu kalendari

La kwanza ni kuweka vitu vya kula ndani ya bahasha tangu tarehe 1. Sisimizi watafika, panya watafika, na mtoto mmoja atafika usiku. Vikaratasi tu ndivyo vikae kwenye kamba. Vitu vya kula vibaki kwa mama, ndani ya sanduku lenye kufungwa, na viingizwe usiku watoto wakilala. Mtoto akifungua mbele ya wakati, atakuta karatasi tupu, na hakuna hasara.

La pili ni kikaratasi chenye kutegemea jambo usilotawala. "Leo tutaangalia filme" inaanguka umeme ukikosekana. "Leo tunaenda kwa shangazi kule Sange" inaanguka barabara ikiwa mbaya ao usalama ukivurugika. Dawa yake ni kuandaa vikaratasi vitatu vya akiba, vya ndani ya nyumba, na kila usiku kusoma kikaratasi cha kesho. Kama hakiwezekani, kinabadilishwa kimyakimya. Mtoto hajui kilikuwa kinasema nini, kwa hiyo hakuna ahadi iliyovunjika.

La tatu ni kutumia kalendari kama fimbo: "Umekosa, leo hufungui." Siku haiondoki kwa sababu mtoto amekosa, na hesabu ya 25 inavunjika. Adhabu itafutiwe pahali pengine. Kama siku moja imepita bila kufunguliwa, kwa ugonjwa ao kwa safari, kesho yake zinafunguliwa mbili.

Na kama familia inalazimika kuhama, sababu ya maji ya mto ama ya milio ya risasi, kalendari hii haina uzito. Kamba inatolewa kwenye misumari, inazungushwa pamoja na bahasha zake, inaingia ndani ya mfuko wa nguo. Huko walikofika inatundikwa tena, na hesabu inaendelea kutoka tarehe iliyofikiwa.

Kwa wasiosherehekea Noeli

Familia za Waislamu zinaweza kutumia bahasha zilezile kwa mwezi wa Ramadani, zikifunguliwa wakati wa futari. Hapo kuna jambo moja la kujua mapema: mwezi huo una siku 29 ao 30, na hakuna anayejua mpaka mwezi uonekane. Tengeneza 30, lakini ya 30 iwe na kikaratasi cha kazi tu. Mwezi ukiandama usiku wa 29, ya mwisho inafunguliwa asubuhi ya Idi na hakuna anayelia.

Tarehe yenye kusogea haihesabiwi

Katika nyumba nyingi za mwambao huu, mtoto anangojea kitu kingine kuliko Noeli. Baba yuko kwenye machimbo ya dhahabu kule Misisi, ao yuko Kalemie, ao alienda na hajasema siku ya kurudi. Mtoto akiona bahasha, ataomba: "Tutengeneze ya kuhesabu papa anarudia."

Hiyo isifanywe kwa bahasha. Bahasha ya mwisho ikifunguliwa na baba hajafika, mtoto atafikiri kwamba alihesabu vibaya, ao kwamba baba alimdanganya. Kalendari ya kushuka ni ya tarehe isiyosogea: Noeli, siku ya kuzaliwa, mwanzo wa masomo.

Kwa mwenye kurudi siku isiyojulikana, hesabu inageuzwa iwe ya kupanda. Chukua mkebe mkubwa wa maziwa ya unga. Kila jioni mtoto anatia ndani kikaratasi kimoja chenye tarehe: mchoro, namba aliyopata kwenye masomo, urefu wa maharagwe yake, jina la jirani aliyezaa. Mkebe hauna namba ya mwisho, kwa hiyo hauwezi kusema uongo. Siku baba atapofika, vikaratasi vikiwa kumi ao mia mbili, atakaa chini na mtoto, na watavitoa kimoja kimoja, kuanzia kile cha chini.